Kusokota Amari Ndani ya Blender

Ukitazama kwa karibu kamba ya nanga ya jahazi, ile ambayo mabaharia huiita amari, utaona nyuzi tatu nene zilizozungukana. Ukiishika wima mbele yako, mifereji iliyo kati ya nyuzi hizo hupanda kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, kama mstari wa kati wa herufi Z. Kamba nyingi za nyuzi tatu husokotwa upande huo. Mifereji hiyo ndiyo inayoliambia jicho kwamba hii ni kamba. Iondoe, kitu kinachobaki ni bomba la rangi ya katani.

Makala haya yanahusu namna ya kuipata mifereji hiyo ndani ya Blender, programu ya bure ya kuchora na kuhuisha maumbo ya pande tatu. Bomba au waya wa umeme ni kazi ya dakika moja. Kamba inadai zaidi, na wanaoanza wengi hukwama palepale: wanabonyeza amri ya kusokota na hawaoni chochote kikibadilika, au wanaona kamba imejikunja vibaya bila kujua kosa limetoka wapi. Sababu zipo, na zinaelezeka kwa hesabu za shule ya msingi.

Kila kitu huanzia kwenye mstari uliopinda. Blender ina mstari wa aina ya Bezier, uliopewa jina la Pierre Bézier, mhandisi Mfaransa wa kampuni ya magari ya Renault. Mstari huo una nukta chache, na kila nukta ina mikono miwili inayoamua mstari uingieje hapo na utokeje. Unaupata kwa `Shift+A`, kisha `Curve`, kisha `Bezier`. Wenyewe hauna unene wowote, na ukitoa picha hauonekani kabisa. Unene unatolewa kwenye paneli ya `Geometry`, chini ya alama ya kijani ya mstari, katika sehemu iliyoandikwa `Bevel`.

Hapo kuna namba inayoitwa `Depth`. Namba hii ni nusu kipenyo, wala si kipenyo kizima. Ukiandika 0.05 unapata bomba la sentimita 10 kutoka ukingo hadi ukingo, na anayetaka bomba la maji la milimita 50 anapaswa kuandika 0.025. Chini yake kuna `Resolution`, inayoamua mzunguko wa bomba uwe na pande ngapi. Ikiwa 0, bomba lina pande nne tu. Ikiwa 4, lina pande kumi na mbili, na hizo zinatosha kwa waya usiokaribia kamera. Kisha weka alama kwenye `Fill Caps` ili ncha zifungwe, na bomba limekamilika.

Mambo mawili huharibu bomba hata baada ya hapo. La kwanza ni mstari uliovutwa kwa `S` upande mmoja nje ya hali ya kuhariri: bomba linakuwa la yai badala ya duara, kwa sababu unene nao umevutwa. Dawa yake ni `Ctrl+A`, kisha `Scale`, ili vipimo virudi kuwa 1. La pili ni kona kali. Bomba lenye nusu kipenyo cha sentimita 5 haliwezi kupita kwenye kona ambayo mpindo wake una nusu kipenyo kidogo kuliko hicho. Upande wa ndani wa kona unajikunja na kuingiliana, na kwenye picha unaona kivuli cheusi kilichokwaruzika. Panua kona, au punguza unene.

Sasa tuingie kwenye kamba. Amri ya kusokota ni `Ctrl+T` ukiwa ndani ya hali ya kuhariri, na kila nukta ina thamani yake ya `Tilt` inayoonekana ukibonyeza `N`. Thamani hiyo ni pembe: inaeleza umbo la mkato, yaani lile unaloliona ukiikata kamba kwa kisu, limezungushwa kiasi gani kwenye nukta hiyo. Kati ya nukta moja na nyingine Blender inaigawa tofauti ya pembe kidogo kidogo.

Ukijaribu amri hii kwenye bomba la duara huoni kitu, na hilo ndilo linalowachanganya wengi. Duara likizungushwa bado ni duara lilelile. Msokoto upo na pembe zimehesabiwa, lakini umbo halina kona wala bonde la kuuonyesha. Kwa hiyo kabla ya kusokota ni lazima umbo la mkato libadilike. Kwa kamba ya nyuzi tatu, mkato huo ni duara tatu zilizobanana.

Tuchukue mfano wa amari yenye kipenyo cha milimita 24 na tutengeneze kipande cha mita 1.8. Tunaanza na mkato. Ongeza `Circle` kutoka kwenye `Curve` pale katikati ya ulimwengu wa Blender; duara hiyo huja na nusu kipenyo cha 1. Ingia hali ya kuhariri, chagua nukta zote nne, kisha andika `G Y 1.1` na `Enter`. Duara imesogea juu, lakini kitovu cha kitu chenyewe kimebaki chini, na ndivyo tunavyotaka, kwa sababu kitovu ndicho kitakachokaa juu ya mstari. Badili nguzo ya mzunguko iwe `3D Cursor`, na hakikisha kishale hicho kiko katikati kwa `Shift+C`. Nakili kwa `Shift+D`, bonyeza `Esc` ili nakala isisogee, kisha `R Z 120`. Rudia mara moja zaidi. Una duara tatu zinazozunguka kitovu kimoja.

Kwa nini 1.1? Duara tatu zenye nusu kipenyo cha 1 zikigusana bila kuingiliana, vitovu vyake hukaa umbali wa 1.155 kutoka katikati. Katani halisi hubanana, nyuzi hazigusani kwa ukingo mwembamba tu, kwa hiyo nazisogeza ndani kidogo ziingiliane. Toka kwenye hali ya kuhariri. Umbo zima sasa lina nusu kipenyo cha 2.1, nasi tunataka milimita 12, yaani 0.012. Gawanya, unapata takriban 0.0057. Andika `S 0.0057`. Hapa, tofauti na ule mstari wa bomba, usibonyeze `Ctrl+A`: kitu kinachotumika kama mkato hupimwa pamoja na ukubwa wake wa nje, kwa hiyo ukitaka amari nene zaidi baadaye utakivuta tu kwa `S`, na kamba itanenepa mbele ya macho yako.

Jambo moja zaidi kuhusu mkato, na ni rahisi kulisahau. Namba ya `Resolution` iliyo chini ya `Depth` haina kazi tena hapa. Ulaini wa nyuzi unatoka kwenye duara zenyewe, katika `Resolution Preview U` ya kitu hicho cha mkato. Kwa kawaida inakuja ikiwa 12, maana yake kila duara ina nukta 48. Ishushe hadi 3, kila duara iwe na nukta 12. Tutaona baada ya muda mfupi kwa nini.

Kisha mstari wa kamba yenyewe. Ongeza `Bezier`, futa nukta yake moja, na iliyobaki iweke kwenye sifuri. Kutoka hapo bonyeza `E`, andika `X 0.36`, `Enter`, na ufanye hivyo mara tano. Zinapatikana nukta sita na vipande vitano vya sentimita 36, jumla mita 1.8. Chagua zote, bonyeza `V`, kisha `Automatic`, ili mikono yote ijipange sawasawa. Kwenye `Bevel` chagua `Object` badala ya `Round`, na uonyeshe lile umbo la duara tatu. Utaona mirija mitatu iliyonyooka, imelala pamoja kama mianzi iliyofungwa fungu. Imebaki kusokotwa.

Kusokotwa mara ngapi? Jibu linatoka kwenye kamba halisi. Chukua kamba yoyote ya nyuzi tatu, tia alama kwenye uzi mmoja, ufuate mpaka uzunguke mzunguko kamili na kurudi upande uleule, kisha pima kwa rula. Urefu huo ukiwa mara tatu hivi ya kipenyo, jicho linaikubali kamba. Kwa amari yetu ni milimita 72. Gawanya mita 1.8 kwa milimita 72: mizunguko 25, yaani mitano kwa kila kipande. Mzunguko mmoja ni digrii 360, kwa hiyo kila kipande kinaongeza digrii 1800. Nukta ya kwanza inapata 0, ya pili 1800, ya tatu 3600, na kuendelea hivyo mpaka ya sita inayopata 9000.

Ukiziandika namba hizo sasa hivi, utapata kitu cha ajabu: kamba imebanwa hapa na pale, na mizunguko yake inaonekana michache sana. Hapa ndipo wengi hurudi nyuma wakidhani wamekosea pembe, ilhali pembe ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye idadi ya vipande vidogo.

Blender haichori mpindo wa kweli. Inakata kila kipande kati ya nukta mbili kuwa vijipande vilivyonyooka, na kwa kawaida ni 12. Digrii 1800 zikigawanywa kwa 12 zinakuwa 150 kwa kila kijipande. Umbo letu lina pembe tatu zinazofanana, hivyo kulizungusha digrii 120 ni sawa na kutolizungusha, na jicho linabaki na digrii 30 tu. Mbaya zaidi, uso wa kamba hauchorwi kwa mviringo kutoka kijipande hadi kijipande. Unachorwa kwa mstari ulionyooka kutoka nukta ya mkato mmoja hadi nukta ileile ya mkato unaofuata. Mkato ukiwa umezunguka digrii 150, mistari hiyo inapita karibu na kitovu, na kamba inabanwa katikati ya kila kijipande kama kiuno cha nyigu. Zikiwa 180 kamili, inabanwa mpaka unene unakwisha. Zikizidi 180, tuseme 300, mistari inachukua njia ya upande wa pili na msokoto wenyewe unageuka, vilevile gurudumu la gari kwenye sinema linavyoonekana kurudi nyuma wakati gari linaenda mbele. Na zikiwa 360 kamili, kamba haionekani kusokotwa hata kidogo.

Kwa hiyo alama ya tatizo hili ni viuno, upande uliogeuka, au nyuzi zilizonyooka ingawa pembe umeandika kubwa. Ukiona mojawapo, usiguse `Tilt`. Nenda kwenye paneli ya `Shape` na uongeze `Resolution Preview U` ya mstari. Ukiiweka 64, kila kijipande kinabeba digrii 28, na mifereji inatokea ikiwa safi. Mimi hupenda kubaki chini ya digrii 30 kwa kijipande. Kwa kamba iliyo mbali na kamera hata 45 zinapita.

Hapa ndipo ile namba ya 3 kwenye duara za mkato inapolipa. Vipande vitano vyenye vijipande 64 kila kimoja vinatoa mikato 321. Duara tatu za nukta 12 zina nukta 36, mara 321 ni vipeo 11,556. Tungeziacha duara na 12 yake ya kawaida, kamba moja ya mita 1.8 ingekuwa na vipeo 46,224, na jahazi lenye kamba ishirini za namna hiyo lingekaribia milioni moja kabla ya kuchora ubao wake wa kwanza. Kompyuta ya kawaida ingeanza kugugumia. Kwa kamba zilizo juu ya mlingoti, zile ambazo mtazamaji ataziona kama nywele, msokoto wa kweli sina haja nao: bomba la `Depth` na picha ya mistari ya mshazari juu yake vinatosha.

Mpaka sasa kamba imenyooka. Ukianza kuipinda, kuishusha kutoka kwenye omo hadi majini au kuilaza sitahani, nukta zinasogea na vipande vinakuwa na urefu tofauti. Kimoja kimekuwa sentimita 50, kingine 25, lakini vyote bado vina digrii 1800. Kamba inaonekana imelegea huku na kukazwa kule, jambo ambalo amari iliyotoka kwa msokotaji haifanyi. Kupima kila kipande na kuandika pembe upya ni kazi ya kuchosha, kwa hiyo niiachie programu. Toka hali ya kuhariri, uache mstari ukiwa umechaguliwa, fungua kichupo cha `Scripting` na uendeshe mistari hii:

```python
import bpy
from math import tau
from mathutils.geometry import interpolate_bezier

lay = 0.072
pts = list(bpy.context.object.data.splines[0].bezier_points)
s = 0.0
pts[0].tilt = 0.0
for a, b in zip(pts, pts[1:]):
    v = interpolate_bezier(a.co, a.handle_right,
                           b.handle_left, b.co, 65)
    s += sum((q - p).length for p, q in zip(v, v[1:]))
    b.tilt = tau * s / lay
```

Namba ya `lay` ni zile milimita 72. Programu inapita kipande kimoja baada ya kingine, inajumlisha urefu wa kweli uliopitiwa, na kuipa kila nukta pembe inayolingana na urefu huo. Msokoto ukitokea upande usioutaka, weka alama ya kutoa mbele ya `tau`. Kila ukisogeza nukta, uendeshe tena. Kuna mpaka wake: ndani ya kipande kimoja Blender inagawa pembe kwa idadi ya vijipande, bila kujali urefu wa kila kimoja. Ukiuvuta mkono mmoja wa nukta ukawa mrefu sana na mwingine mfupi, vijipande vitasongamana upande mmoja na msokoto utakazwa pale. Nukta nyingi zenye mikono ya wastani ni bora kuliko chache zenye mikono mirefu.

Kamba inayopanda wima ina tatizo jingine. Kwenye `Shape` kuna `Twist Method`. Ikiwa `Z-Up`, Blender inajaribu kuuweka mkato usimame kufuata juu ya ulimwengu, na mstari unapokuwa wima kabisa hakuna tena juu ya kufuata. Mkato unaruka ghafla, na mfereji unakatika kana kwamba kamba imeungwa vibaya. `Minimum`, ambayo ndiyo ya kawaida, haina ugonjwa huo, kwa sababu inauhamisha mkato kutoka kijipande hadi kijipande kwa mzunguko mdogo iwezekanavyo. Lakini kwa kuwa inahesabu kuanzia mwanzo wa mstari, ukihuisha nukta ya mwanzoni, sehemu yote inayofuata inaweza kuviringika. Katika filamu ya nanga ikipandishwa, anza mstari kwenye ncha iliyofungwa chomboni, ambayo haisogei.

Imebaki ncha ya kamba. Ncha ya amari iliyotumika huwa imekonda, na hapa inaingia `Taper Object`. Huu ni mstari mwingine, ulio wazi, unaosomwa kutoka kushoto kwenda kulia kwenye mhimili wake wa X. Kimo chake kwenye Y ndicho kinachozidishwa na unene wa kamba. Kimo cha 1 ni unene kamili, 0.5 ni nusu. Ukiweka mstari wa `Bezier` kama ulivyokuja, bila kuuhariri, kamba inakonda vibaya na ncha zake mbili zinatoweka, kwa kuwa nukta zote mbili za mstari huo ziko kwenye kimo cha sifuri na tumbo lake halifiki hata robo. Ingia ndani yake, pandisha nukta zote hadi Y ya 1, ongeza nukta ya tatu ili upate X za 0, 0.95 na 1, uzipe mikono ya `Vector`, na uishushe ile ya mwisho tu hadi 0.4. Sasa ni sentimita 9 za mwisho pekee zinazokonda.

Usiirefushe sehemu hiyo. Unene unapopungua, milimita 72 za msokoto hazipungui pamoja nao, na nyuzi zinaanza kuonekana zimenyooka, kama kamba inayofumuka. Kwenye ncha fupi ya amari chakavu hilo linapendeza kwa kuwa ndivyo ilivyo hata baharini. Kwenye kamba inayokonda mita nzima, ni kosa linaloonekana mara moja, na njia pekee ni kuziongezea pembe nukta za upande mwembamba.

Na mafundo? Blender haijui kwamba kamba haiwezi kupita ndani ya kamba. Mstari ukijikatiza, unene unaingiliana bila onyo lolote. Kwa amari ya milimita 24, mistari miwili inayopishana ndani ya fundo lazima iachane angalau milimita 24 kutoka katikati hadi katikati, na ikiwa fundo limekazwa, 22 au 23, kwa sababu katani hubonyea. Ukaguzi wake nafanya katika mwonekano wa waya, `Shift+Z`, nikilizungusha fundo pole pole na kutafuta mahali ambapo uzi wa kamba ya juu umezama ndani ya uzi wa kamba ya chini.